Fahirisi ya mpindo 1.46: kisa cha ripoti moja ya maabara na milimita tatu za ziada

Kisa hiki kinatoka kwenye darasa la fizikia la kidato cha tano ninalofundisha. Jina la shule, mwaka na chochote kinachoweza kumtambulisha mwanafunzi nimeviondoa. Mwenyewe nitamwita M. Ripoti yake aliiandika kwa Kiingereza, kama zote, nami hapa naisimulia kwa Kiswahili.

## Usuli

Jaribio lenyewe ni la kawaida: kupima fahirisi ya mpindo ya kioo, yaani namba inayoonyesha mwanga unapinda kiasi gani unapoingia kwenye kioo ukitoka hewani. Mwaka mwingi tunalifanya kwa pini nne, kwa sababu ndivyo wanafunzi watakavyokutana nalo kwenye mtihani. Muhula ule tulikuwa na visanduku vya miale: kisanduku cha bati chenye balbu ya volti 12 ndani, na mbele yake kibati chenye mwanya mwembamba unaoachia mwale mmoja. Nikaona heri wauone mwanga wenyewe ukipinda, badala ya kupanga pini zinazofichana.

Hatua ni chache. Unaweka bloku ya kioo juu ya karatasi nyeupe, unachora mpaka wake kwa penseli, unachagua pointi upande mmoja na kusimamisha hapo normali, yaani mstari ulio wima kwa uso wa kioo. Unaelekeza mwale kwenye pointi hiyo kwa pembe uliyochagua, `i`. Unaweka alama mbili za msalaba katikati ya mwale unaoingia na mbili kwenye mwale unaotoka upande wa pili. Kisha unaondoa bloku, unachora miale yote miwili hadi ikutane na mpaka, na unaunganisha pointi ya kuingia na ya kutokea. Mstari huo wa ndani ndio unaokupa pembe `r`. Fahirisi ni

```
n = sin i / sin r
```

Jambo moja la kushika mapema, kwa kuwa kisa chote kimelala hapo: mwale wa ndani ya kioo mwanafunzi haupimi moja kwa moja. Anauchora baadaye, bloku ikiwa imeshaondolewa, kwa kuuegemeza kwenye mpaka wa penseli.

## Ripoti ilivyokuja

M na mwenzake walikuwa na vipindi viwili vilivyofuatana. Mapazia yalikuwa yamefungwa, mwale ukionekana vizuri kwenye karatasi, upana wake kama milimita 2. Walitumia pembe sita, kila moja mara moja, wakasoma kipimapembe hadi nusu digrii.

| i (digrii) | r (digrii) | n |
|---|---|---|
| 20 | 13.5 | 1.465 |
| 30 | 20.0 | 1.462 |
| 40 | 26.0 | 1.466 |
| 50 | 31.5 | 1.466 |
| 60 | 36.5 | 1.456 |
| 70 | 41.5 | 1.418 |

Wastani ni 1.456. Kwa shaka ya kipimo, M alichukua mtawanyiko wa namba hizi sita, akaugawa kwa kipeuo cha pili cha 6 kama nilivyowafundisha, akapata 0.008. Akaandika jibu: 1.46 ± 0.01. Kisha akachora grafu ya sin i dhidi ya sin r, akaweka rula kwenye sifuri, akapitisha mstari katikati ya pointi na kupata mteremko wa 1.45. Akahitimisha kwamba njia mbili zimekubaliana.

Kioo cha kawaida kina fahirisi ya karibu 1.52, na M alilijua hilo kutoka kitabuni. Tofauti kati ya 1.52 na 1.46 ni mara sita ya shaka aliyoidai. Chini ya kichwa cha vyanzo vya makosa alikuwa na orodha niliyokwisha kuisoma mara mia: makosa ya kibinadamu, kusoma kipimapembe kwa jicho la pembeni, mwale kuwa mnene, mwanga mweupe kutawanyika rangi, meza kutikisika. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na namba mbele yake.

## Nilichoamua, na kwa nini

Hesabu zilikuwa sahihi na mchoro ulikuwa safi. Ningeweza kutoa alama na kuendelea na rundo la ripoti zilizobaki. Kilichonizuia ni ile pembe ya 70. Pembe nne za mwanzo ziko pamoja kabisa, halafu 60 inashuka kidogo na 70 inaporomoka. Mtawanyiko wa bahati nasibu huwa hauna adabu ya kujipanga hivyo.

Nikamwita M, nikamwambia achukue orodha yake na mbele ya kila chanzo aandike mambo mawili: kinasogeza n kwa kiasi gani, na kinaisogeza wapi, juu au chini. Kama hajui upande, aandike kwamba hajui.

Kesho yake alirudi na karatasi karibu tupu. "Mwalimu, meza ikitikisika inaweza kwenda popote. Kipimapembe hivyo hivyo. Hakuna kinachoshusha tu."

Jibu hilo lilikuwa bora kuliko ripoti nzima. Makosa yanayokwenda popote yangetawanya namba zake juu na chini ya 1.52, nazo zote sita zilikuwa chini. Kulikuwa na kitu kinachoegemea upande mmoja, na hakikuwemo kwenye orodha.

Mwenzake alipendekeza njia ya mkato: ile 41.5 igeuzwe 39.5 na mambo yaishe. Kupika data si jambo la juzi. Ptolemayo wa Aleksandria, karne ya 2, aliacha jedwali la pembe za mwanga unaoingia majini kila baada ya digrii 10: 8, 15.5, 22.5, 29, 35, 40.5, 45.5, 50. Ukitoa moja kwa nyingine unapata 7.5, kisha 7, kisha 6.5, na kuendelea hivyo kwa kupungua nusu digrii kila hatua bila kukosa hata mara moja. Maji hayafanyi hivyo. Mtu alikwisha kuamua mpangilio, akaziweka namba ziufuate. Niliwaandikia jedwali hilo ubaoni, na suala la 39.5 halikurudi tena.

## Tuhuma ya kwanza: huenda si kioo

Kabla ya kumlaumu aliyepima, nilitaka tuhakikishe kinachopimwa. Bloku nyingi zinazouzwa kwa shule kama "za kioo" ni plastiki ya akriliki iliyo wazi, na fahirisi yake ni 1.49. Kama bloku ya M ilikuwa ya akriliki, nusu ya tofauti ingekuwa imeelezwa.

Kwa macho huwezi kutofautisha kirahisi, lakini mizani haidanganyiki. Bloku ilikuwa na urefu wa milimita 100, upana 60 na unene 18, yaani sentimita za ujazo 108. Tukaiweka kwenye mizani: gramu 271. Hiyo ni gramu 2.51 kwa kila sentimita ya ujazo, uzito wa kioo. Akriliki ya ukubwa huo ingekuwa na gramu kama 129 tu. Tuhuma ikafa ndani ya dakika tano.

## Tuhuma ya pili: karatasi yenyewe

Hapo ndipo nilipomwomba M alete karatasi yake ya mchoro, siyo ripoti. Nikamwambia apime kwa rula upana wa mpaka aliouchora. Alipata milimita 63. Akapima tena. Kisha akachukua kalipa na kupima bloku: 60.0.

Milimita tatu zimetoka wapi? Nikampa penseli na kumwambia achore mpaka tena kama alivyofanya siku ile. Akaisimamisha wima kabisa pembeni ya bloku, kwa uangalifu mkubwa. Penseli ina unene wa milimita kama 7, na bloku ina kimo cha milimita 18. Mwili wa penseli, pale juu unakoanza kunenepa, uligusa ukingo wa juu wa kioo, na ncha ikabaki imesimama mbali na uso wa bloku kwa zaidi ya milimita moja. Zidisha kwa pande mbili, ongeza unene wa mstari wa penseli butu, na milimita tatu zinapatikana bila uzembe wowote. Mwanafunzi asiyejali, anayelaza penseli ovyo, angeweza kupata mpaka bora kuliko wake.

Sasa tazama inavyofanya kazi. Mwale halisi ulisafiri hewani hadi kwenye uso wa kioo, ukapinda, ukapita milimita 60 za kioo, ukatoka. Kwenye karatasi, M aliufanya upinde milimita moja na nusu mapema na kunyooka milimita moja na nusu baadaye. Mstari alioita mwale wa ndani ulikuwa umechanganya kioo na vipande viwili vya hewa, na hewani mwale umelala zaidi kuliko ndani ya kioo. Kwa hiyo `r` yake daima ni kubwa kuliko ya kweli, na `n` daima ni ndogo. Isitoshe, kadiri `i` inavyokua, mwale wa hewani unavyozidi kulala na vipande vile viwili vinazidi kuvuta. Ndiyo sababu 70 iliporomoka kuliko zote.

Uzuri wa kosa la namna hii ni kwamba ukilijua unaweza kulirekebisha bila kurudia jaribio. Kusogea kwa mwale kwenda pembeni ni jumla ya sehemu ya kioo na sehemu ya hewa, hivyo:

```
tan r = (63 tan r' - 3 tan i) / 60
```

ambapo `r'` ni pembe iliyopimwa kwenye karatasi. Chukua `i` ya 60 na `r'` ya 36.5. Tan 36.5 ni 0.740, mara 63 ni 46.6. Tan 60 ni 1.732, mara 3 ni 5.2. Inabaki 41.4, ambayo ukiigawa kwa 60 unapata 0.690, yaani pembe ya digrii 34.6. Fahirisi inakuwa 1.52. Kwa pembe ya 70, ile iliyotoa 1.418, marekebisho hayo hayo yanatoa 1.51. M alipiga hesabu ya pili mwenyewe, akaifuta, akaipiga tena, kisha akanigeuzia kikokotoo nione.

## Kurudia

Kurekebisha peke yake hakukutosha kwangu, kwa sababu ile 3 ya kwenye fomula nayo ni kipimo cha rula chenye shaka ya nusu milimita. Tukarudia jaribio kwa mabadiliko matatu.

Penseli ilichongwa, ikalazwa nje ili ncha yake iingie chini kabisa ya ukingo wa bloku, na mpaka ukapimwa papo hapo kabla ya kuwasha taa. Safari hii ulikuwa milimita 60.5.

Kila pembe ilipimwa mara mbili, mwale ukitokea kushoto kwa normali na kisha kulia. Sababu ni kwamba normali yenyewe huchorwa kwa mkono. Ikiinama digrii moja, na miale yote ikatoka upande huo huo, kioo cha 1.52 kitasomeka 1.48 kwenye pembe ya 20 na 1.50 kwenye 60. Ukipima pande zote mbili, upande mmoja unazidi na wa pili unapungua, na wastani unalifuta kosa. Kwenye vipimo vipya vya M, upande wa kulia ulizidi wa kushoto kwa nusu digrii kwenye pembe za 30, 40 na 50, na kwa digrii nzima kwenye 60. Kumbe normali yake ilikuwa imeinama, chini kidogo ya digrii moja.

Mwisho, tuliacha pembe za 20 na 70. Kwenye 20, kukosea nusu digrii katika kila pembe kunaleta shaka ya karibu 0.07 kwenye n, wakati kwenye 50 kosa hilo hilo linaleta 0.025 tu, maana nusu digrii ni sehemu kubwa ya pembe ndogo. Kwenye 70 tatizo ni jingine: mwale wa milimita 2 unapoangukia uso wa kioo kwa kulala unatanda kwenye milimita karibu 6, na hujui katikati yake ni wapi.

Pembe nne zilizobaki zilitoa 1.517, 1.507, 1.521 na 1.510. Wastani ni 1.514. Shaka, safari hii ikihesabiwa kutoka nusu digrii ya kipimapembe na siyo kutoka mtawanyiko pekee, ikatoka 0.02 kwa pembe moja iliyopimwa pande mbili. M aliandika 1.51 ± 0.02. Kwa kupima mara nne angeweza kudai shaka ndogo zaidi, lakini ile nusu milimita iliyobaki kwenye mpaka inashusha kila kipimo kwa karibu 0.01 na haifutwi na wastani wowote. Tukakubaliana asiidai.

## Uchambuzi

Kilichoponza ripoti ya kwanza ni kuuamini mtawanyiko. Namba zinazokaa karibu karibu zinaonyesha kwamba umerudia kitu kile kile kwa namna ile ile, basi. Mpaka ulichorwa mara moja, na pembe zote sita zikauegemea, kwa hiyo kosa la mpaka lilikuwa ndani ya kila namba na halikuwa na njia ya kujitokeza kwenye mtawanyiko. Ile ± 0.01 ilieleza mkono wa M ulivyokuwa imara. Kuhusu kioo haikusema kitu.

Grafu ingeweza kumwokoa kama asingeibana. Mstari bora wa pointi zake zile sita, ukiachwa huru usilazimishwe kupita sifuri, una mteremko wa 1.41 na unakata mhimili wa wima kwenye 0.02 hivi juu ya sifuri. Mwale unaoingia wima haupindi, kwa hiyo mstari wa kweli lazima upite sifuri, na usipopita kuna kitu kimeharibika. Kwa kuweka rula kwenye sifuri kabla ya kuzitazama pointi, alikuwa ameuzima ushahidi huo. Ile pointi ya 70 ilikuwa milimita nne chini ya mstari kwenye karatasi yake ya grafu, akaiacha hapo kama kosa la mkono. Makubaliano ya 1.46 na 1.45 aliyoyafurahia yalikuwa ya data moja iliyobanwa kwa njia mbili.

Katika orodha yake, kutawanyika kwa rangi ndicho chanzo wanafunzi wanachokipenda kuliko vyote, nadhani kwa sababu kinasikika kama fizikia. Tulikipima: kati ya nyekundu na buluu, fahirisi ya kioo cha aina hii inatofautiana kwa karibu 0.008, na kwenye pembe ya 60 hiyo inatenganisha rangi kwa theluthi moja ya milimita upande wa kutokea. Mwale wenyewe una upana wa milimita 2. Kwa kifaa hiki rangi zinaweza kuachwa nje ya ripoti kabisa. Unene wa mwale ndio wa kubaki: ukikosea katikati yake kwa nusu milimita, `r` inasogea kwa kiasi cha nusu digrii, sawa na kipimapembe.

Kosa langu nalo liwemo. Karatasi ya maelekezo niliyowapa ilisema "chora mpaka wa bloku" na kuishia hapo. Nilipopitia karatasi za makundi mengine wiki ile, mbili nyingine zilikuwa na mpaka uliozidi milimita 2. Siku hizi maelekezo yana mstari mmoja wa ziada: pima upana wa mpaka kwa rula, pima bloku kwa kalipa, andika namba zote mbili juu ya jedwali.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni mizani. Ukilitazama jibu la mwisho, 1.51 ± 0.02, mkia wake wa chini unagusa 1.49, ambayo ni akriliki. Kwa kisanduku cha miale peke yake, baada ya marekebisho yote, M asingeweza kuapa kwamba bloku aliyoishika ilikuwa kioo.